Kadi ya feni: shajara ya mradi kutoka Katuba, Lubumbashi

Septemba, wiki ya pili

Tumeamua kwamba kila feni itakayotoka katika ateliye yetu, iwe mpya au iliyotengenezwa, itatoka na kadi iliyofungwa kwa uzi. Kadi itaeleza mambo manne: upana wa duara la mapanga, kasi, kelele, na umeme unaoliwa. Mambo matatu ya mwisho yataandikwa kwa kila namba ya swichi, na hapo ndipo kazi ilipo. Katoni ya feni huandika wati za kasi ya juu tu. Mnunuzi akiona namba 1 mpaka 5 kwenye ukuta, anaamini kwamba namba 1 inakula sehemu moja ya tano ya umeme wa namba 5. Nimekuwa nikiwasikia wateja wakisema hivyo kwa miaka, na nataka wapate jibu lililopimwa.

Tunaanza na feni mbili za Mama Veronika, fundi cherehani wa komuni ya Kenya. Anayo feni ya kusimama, na amenunua feni ya dari iliyotumika ambayo alituletea ikiwa na mapanga yake matatu yamefungwa kwa kamba. Chumba chake kina mita tano kwa nne, dari ya tripleksi iko mita 2.8 kutoka sakafuni, na juu yake ni bati. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya joto kali hapa kwetu kabla mvua haijashuka, na chini ya bati saa nane mchana wasichana wake wanne wanashona huku wakifuta jasho lisidondokee kitambaa.

Anachotaka ni kujua ipi aiwashe siku nzima, na kwa namba gani. Pia anataka kujua betri yake itavumilia saa ngapi umeme ukikatwa.

Septemba, wiki ya pili, Ijumaa

Leo upana. Ilunga, kijana ninayemfundisha, alichukua panga moja la feni ya dari akalipima kwa tepu, kisha akaniambia, "Yaya, hili halifiki hata sentimita 60. Katoni imeandika inchi 56."

Katoni haikudanganya. Inchi 56 ni upana wa duara lote ambalo ncha za mapanga hulichora zikizunguka, yaani milimita 1400. Ndani ya duara hilo kuna mota katikati na mikono ya chuma inayoshika mapanga. Feni ya mapanga matatu huwezi kuipima kwa kunyoosha tepu kutoka ncha hadi ncha, kwa sababu hakuna panga linalotazamana na lingine. Unapima kutoka katikati ya mota hadi ncha moja, halafu unazidisha kwa mbili. Yetu ilitoa sentimita 70, kwa hiyo duara ni mita 1.4. Tukapima ncha zote tatu, zikalingana. Hilo ni muhimu kwa feni iliyotumika, maana mapanga ya feni moja hupimwa uzito kiwandani na kuwekwa pamoja kama seti. Ukichanganya na ya feni nyingine, feni itayumba hata ukaze skrubu zote.

Feni ya kusimama imeandikwa inchi 16. Kwa hizi wauzaji wengine hupima wavu wa nje badala ya mapanga, kwa hiyo tulifungua wavu. Kutoka katikati hadi ncha ni sentimita 20 kamili. Duara la milimita 400, kama ilivyoandikwa.

Ukiziweka kando kwa kando, duara la feni ya dari lina eneo kubwa mara kumi na mbili na zaidi kuliko la ile ya kusimama. Feni kubwa inaweza kuusogeza upepo mwingi bila haraka. Ndogo haina njia nyingine ila kukimbia, na kukimbia ndiko kunakoleta kelele.

Septemba, wiki ya tatu

Kabla ya kupima kasi, tulilazimika kuitibu feni ya dari. Ukiiwasha ilinguruma bila kuzunguka mpaka uisukume kwa fimbo, kisha ikajivuta polepole. Dalili hiyo karibu kila mara ni kapasita. Mota ya feni ya dari ina nyaya mbili za koili, na kapasita ndiyo inayoutanguliza umeme wa koili moja mbele ya ule wa nyingine ili nguvu ya sumaku izunguke upande mmoja. Kapasita ikidhoofika, mota inasita isijue upande wa kuelekea. Yake imeandikwa maikrofaradi 2.5, mita ilisoma 1.4. Tukaweka mpya ya 2.5, ya volti 450.

Nawaandikia hapa mafundi wenzangu: msiweke kapasita kubwa kuliko iliyoandikwa ili feni "ipate nguvu". Ni kweli itakimbia zaidi kidogo, lakini koili ya pili itapata umeme kuliko ilivyosukwa kuupokea, na mota itapata joto mpaka vanishi ya nyaya iungue. Tumeshapokea mota nyingi zilizokufa kwa njia hiyo.

Beringi zake mbili tulizisafisha na kutia grisi. Ukizungusha mota kwa mkono karibu na sikio, beringi mbovu husikika kama mchanga. Hizi hazina sauti.

Septemba, wiki ya tatu, Jumamosi

Tumeitundika katika chumba cha majaribio nyuma ya parsela. Ndoano imefungwa kwenye mti wa kenchi wenyewe, kwa boliti inayopita upande wa pili, kwa maana tripleksi haiwezi kubeba kilo tano zinazozunguka. Mapanga yako mita 2.45 kutoka sakafuni na sentimita 35 chini ya dari. Kanuni ya kimataifa ya usalama wa feni inataka mapanga ya feni ya dari yawe juu zaidi ya mita 2.3, mtu akinyoosha mkono asifikie kwa urahisi. Kwa upande wa juu, ukiikaribisha feni mno na dari, inakosa mahali pa kuvuta hewa. Inazunguka vizuri, inakula umeme uleule, na chini watu wanahisi kidogo.

Kasi tumeipima kwa simu. Ilunga alibandika kipande cha tepu nyeupe kwenye panga moja, tukarekodi video ya mwendo wa polepole ya picha 240 kwa sekunde, kisha tukahesabu ni picha ngapi zinapita mpaka tepu irudi mahali pake. Kwa namba 5 zilipita picha 50. Hesabu ni nyepesi: 240 mara 60, gawa kwa 50, unapata mizunguko 288 kwa dakika. Ukitaka usahihi zaidi hesabu mizunguko mitano mfululizo na ugawe. Njia hii haihitaji kifaa cha kununua, na inafaa kwa kasi zote.

Feni ya kusimama kwenye kitufe cha 3 ilitoa mizunguko 1270. Hiyo ni kasi ya kawaida kwa ukubwa wake. Tofauti inatokana na namna koili zilivyopangwa ndani ya mota: ya kusimama ina nguzo nne za sumaku, ya dari ina nyingi zaidi, kwa hiyo kwa umeme uleule wa hezi 50 ile ya dari inazunguka pole.

Hesabu moja ambayo naipenda kwa sababu inaeleza kelele yote: ncha ya panga la feni ya dari kwa mizunguko 288 inasafiri mita 21 kwa sekunde. Ncha ya feni ya kusimama, ingawa panga ni fupi mara tatu na nusu, inasafiri karibu mita 27 kwa sekunde. Ndogo ndiyo inayopasua hewa kwa kasi zaidi.

Septemba, wiki ya nne

Umeme. Hapa nimetumia siku nyingi na sijutii.

Feni ya dari haina plagi, na si kila fundi ana kipima wati. Lakini nyumba nyingi sasa zina mita ya elektroniki, ile ya kulipa kabla. Tazama uso wake: kuna taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima, na kando yake imeandikwa `1600 imp/kWh` au `1000 imp/kWh`. Maana yake, kwenye mita ya kwanza, taa ikiwaka mara 1600 umetumia kilowati-saa moja. Zima kila kitu ndani ya parsela, chomoa hata chaja za simu, acha feni peke yake, kisha pima sekunde kati ya kuwaka kwa taa na kuwaka kunakofuata. Fomula ni hii:

```
P = 3600000 / (imp x t)
```

P ni wati, imp ni namba iliyoandikwa kwenye mita, t ni sekunde. Mita yetu ni ya 1600. Feni ya dari ikiwa namba 5, taa iliwaka kila baada ya sekunde 33. Zidisha 1600 kwa 33, gawa 3600000 kwa jibu hilo, unapata wati 68. Ni vizuri kusubiri taa iwake mara kadhaa na kuchukua wastani, maana kidole kinachobonyeza saa kina uchelewaji wake.

Kibati cha mota kimeandikwa wati 75. Ilunga aliuliza kama tumepoteza kitu. Sababu naziona mbili. Wakati wa kupima ukuta ulikuwa na volti 216, na kibati ni cha 220 hadi 240. Sababu ya pili ni mahali tulipo. Lubumbashi iko karibu mita 1200 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia kumi kuliko ya Dar es Salaam au Matadi. Panga linasukuma hewa nyepesi, mota inachoka kidogo, inakula kidogo. Upepo nao unagusa ngozi kwa uzito mdogo kidogo, kwa hiyo hatukupewa zawadi. Ila wati zinaeleweka.

Sasa namba za chini. Feni hii ilikuja na reguleta yake ya zamani, kiboksi cha ukutani kizito chenye koili ya waya wa ukinzani ndani. Tukashusha hadi namba 3: mizunguko 200, wati 52. Namba 1: mizunguko 110, wati 34. Nilitaka Ilunga aweke kiganja juu ya kiboksi. Alikiondoa haraka. Joto lile ndilo umeme ambao Mama Veronika angelipa bila kupata upepo wowote.

Mtu anayefikiri namba 1 ni moja ya tano ya umeme hapa anaona ni nusu kamili, wakati upepo wenyewe umeshuka hadi chini ya nne kwa kumi. Na ukiangalia kwa upande wa hewa peke yake, jambo linashangaza zaidi. Kazi ya kusukuma hewa hushuka haraka sana kasi ikishuka: ukipunguza mwendo hadi nusu, hewa inahitaji sehemu moja ya nane tu ya nguvu. Kwa hiyo kwa mizunguko 110 hewa inahitaji wati chache mno. Zilizobaki zote katika zile 34 zinaishia kuwa joto, nyingine ndani ya mota, nyingine ndani ya kiboksi.

Oktoba, wiki ya kwanza

Tumeng'oa reguleta ya waya tukaweka ya kapasita. Kwa nje inafanana, ina kitasa chenye namba 1 mpaka 5, ila ni nyepesi mkononi. Ndani hamna waya wa ukinzani wa kupunguza umeme kwa kuuchoma, kuna kapasita mbili zinazounganishwa kwa mipango tofauti kila ukigeuza kitasa. Kapasita hupunguza volti zinazofika kwenye mota bila yenyewe kupata joto la maana.

Vipimo vya siku hiyohiyo, volti 215: namba 5 haikubadilika, wati 68, kwa kuwa hapo reguleta zote mbili zinaiacha feni ipokee umeme moja kwa moja. Namba 3 ilitoa mizunguko 200, wati 36. Namba 1 ilitoa mizunguko 115, na taa ya mita ilichelewa hadi sekunde 160 kabla ya kuwaka tena. Wati 14.

Upepo uleule wa namba 3, na wati 16 zimeondoka. Upepo wa namba 1, na zimeondoka 20. Kwa feni inayowashwa saa tisa kwa siku, siku 26 kwa mwezi, namba 3 ya reguleta ya waya ingekula kilowati-saa 12 hivi. Ya kapasita inakula 8 na kidogo. Nimeamua kwamba kadi itataja aina ya reguleta kwenye mstari uleule wa wati. Wati za feni ya dari bila kutaja reguleta hazielezi kitu chochote, isipokuwa kwa namba ya juu.

Feni ya kusimama haina reguleta ya ukutani. Vitufe vyake vinachagua sehemu tofauti za koili ndani ya mota. Kitufe cha 3: mizunguko 1270, wati 47. Cha 2: mizunguko 1100, wati 40. Cha 1: mizunguko 920, wati 33. Angalia jinsi ngazi zilivyo karibu. Kutoka 3 hadi 1 umeokoa wati 14 tu, na hata kitufe cha 1 bado ni mwendo mkali. Mtu akiniuliza namba ya chini ya feni ya kusimama inasaidia nini, nitamwambia inasaidia masikio kuliko mita.

Oktoba, wiki ya pili, usiku

Kelele tunaipima usiku, jenereta ya jirani ikishazimwa. Nilitumia simu yenye programu ya kusoma desibeli, nikaiweka kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa, mita moja na nusu kutoka kwenye feni. Simu si kifaa cha maabara, inaweza kukosea desibeli kadhaa juu au chini. Lakini simu ileile, mahali palepale, usiku uleule, inalinganisha vizuri, na kadi yetu inahitaji kulinganisha. Chumba kitupu kilisoma 34.

Feni ya dari: namba 5 desibeli 51, namba 3 desibeli 43, namba 1 desibeli 36, yaani karibu haisikiki. Feni ya kusimama: kitufe cha 3 desibeli 58, cha 2 desibeli 55, cha 1 desibeli 51. Kitufe cha chini kabisa cha feni ya kusimama kina kelele sawa na namba ya juu kabisa ya feni ya dari. Sikuhitaji kumshawishi Mama Veronika baada ya hapo.

Namba hizo zinaeleza wingi wa sauti, hazielezi aina yake. Kwa hiyo kadi itakuwa na mstari mmoja wa maneno kuhusu sauti, na hapa fundi anatumia sikio. Mvumo laini unaopanda na kushuka pamoja na kasi ni wa hewa, huo ni wa kawaida. Mngurumo usiobadilika unapobadilisha kasi ni wa umeme: chuma cha mota hutetemeka mara 100 kwa sekunde kwa umeme wa hezi 50, na ukizidi tafuta skrubu za mota zilizolegea au umeme mchafu. Mlio wa "tik" mara moja kwa kila mzunguko ni wa kitu kinachogusa au panga lililolegea. Ile ya sauti ya mchanga niliyoitaja juu ni ya beringi.

Feni yetu iliyumba kidogo kwa namba 5. Tulisimamisha mapanga, tukapima umbali wa kila ncha hadi dari, huku tukizungusha feni ili kila ncha ipimwe mahali pamoja. Mbili zilikuwa sawa, ya tatu ilikuwa chini kwa karibu sentimita moja. Mkono wake wa chuma ulikuwa umepinda, labda safarini. Tuliunyoosha kwa upole juu ya mbao, ukalingana, na kuyumba kukaisha. Kelele ya namba 5 ilishuka kwa desibeli mbili; 51 niliyoandika ni baada ya kunyoosha.

Oktoba, wiki ya tatu

Sasa ni umeme wetu wa jioni. Saa moja jioni, kila nyumba ikiwasha jiko na pasi, ukuta wa ateliye ulisoma volti 175. Feni ya dari kwa namba 5 ilishuka hadi mizunguko 230 na wati 46. Nguvu ya mota ya aina hii hupungua kufuata volti mara volti, kwa hiyo volti zikipungua kwa moja ya tano, nguvu inapungua kwa zaidi ya theluthi. Watu wengi huleta feni jioni wakisema imechoka, na feni ni nzima. Ndiyo maana sasa nauliza kwanza saa ngapi inachoka, na kama asubuhi inarudi sawa. Feni yenye kapasita iliyokufa inachoka asubuhi na jioni.

Kwa volti hizo, namba 1 haikuweza kuanza. Feni ilinguruma bila kuzunguka. Tulipoianzisha kwa namba 5 na kushusha polepole hadi 1, iliendelea. Hilo limeingia kwenye kadi kama maagizo: jioni, anzisha kwa 5 kisha shusha. Kuiacha ikinguruma bila kuzunguka kunaipasha mota moto, maana mapanga yasipozunguka hata upepo wa kuipoza hakuna.

Tukajaribu pia inveta ya Mama Veronika, ile anayotumia siku za delestaji na betri ya volti 12, ampea-saa 100. Inveta yake ni ya bei ndogo, inatoa umeme wa ngazi badala ya wimbi laini. Feni ilizunguka, lakini mngurumo uliongezeka na simu ikasoma desibeli 54 badala ya 51. Mota pia ilikuwa ya moto zaidi baada ya saa moja. Haitakufa kesho, ila sitaandika kwenye kadi kwamba inafaa kwa inveta ya namna hiyo siku nzima. Saa chache ni sawa.

Kuhusu muda wa betri: betri ya risasi isitumiwe zaidi ya nusu kama unataka ikae miaka, kwa hiyo kutoka kwenye wati-saa 1200 tunahesabu 600. Inveta nayo inakula sehemu yake. Kwa namba 5 betri inatoa wati 80 hivi, unapata saa saba na nusu. Kwa namba 3, tukiweka wati 45, unapata saa kumi na tatu. Hesabu hizi ni za betri nzima. Ya Mama Veronika ina umri, nimemwambia ategemee pungufu.

Oktoba, wiki ya nne

Tumeihamishia kwake. Niliazima kipima upepo kidogo cha mkono ili kujua kinachofika kwa wanaoshona. Hewa ya feni ya dari hushuka kama nguzo pana, inapiga sakafu, kisha inasambaa pembeni. Katikati ya nguzo kwa namba 3 nilisoma mita 1.3 kwa sekunde. Kwenye cherehani zilizo mita moja na robo kutoka katikati, mita 0.6. Upepo wa kiasi hicho hausogezi karatasi za mitindo zilizowekewa mkasi juu, na mtu aliyetoka jasho anauhisi vizuri. Kwa namba 5 karatasi ziliruka na kitenge chepesi kikawa kinanyanyuka chini ya sindano. Kwa kazi ya cherehani, namba 3 ndiyo namba.

Joto la chumba halikubadilika. Kipimajoto kilisoma nyuzi 31 kabla na nyuzi 31 baada ya saa mbili. Feni inakausha jasho na kuondoa joto la ngozi, hewa yenyewe haipoi. Kwa hiyo nilimwambia Mama Veronika, "Mama, mkitoka kwenda kula, zima." Kuiacha ipoze chumba kitupu ni kuchoma wati bure.

Jambo ambalo hatukulifikiria tulipokuwa kwenye parsela: kona ya pasi. Anapiga pasi kwa makala siku ambazo umeme haupo, na feni ya kusimama ilikuwa inapuliza majivu kutoka kwenye matundu ya pasi hadi kwenye kitambaa cheupe. Tumehamisha meza ya pasi hadi ukutani, nje ya nguzo ya hewa, na ile ya kusimama imekwenda chumba cha kujaribia nguo, ambako mtu anasimama dakika tano na upepo wa kuelekezwa ndio unaofaa.

Kadi ya kwanza, kama ilivyofungwa kwenye reguleta:

Feni ya dari, mapanga matatu ya chuma, duara milimita 1400. Reguleta ya kapasita, namba tano. Kwa volti 215, Lubumbashi: namba 5, mizunguko 288, wati 68, desibeli 51. Namba 3, mizunguko 200, wati 36, desibeli 43. Namba 1, mizunguko 115, wati 14, desibeli 36. Sauti ni ya hewa tu. Kapasita ya mota 2.5, imewekwa Septemba. Mapanga yawe juu ya mita 2.3. Jioni umeme ukiwa mdogo, anzisha kwa 5. Inveta ya umeme wa ngazi: saa chache tu.

Novemba, wiki ya kwanza

Mvua imeanza, na mezani kuna feni ya tatu: ya dari, milimita 1200, yenye mota ya sumaku za kudumu na rimoti, kibati chake kimeandikwa wati 30. Hii haina kapasita ya kuanzia, na reguleta ya ukutani haitakiwi kabisa. Kasi inaamuliwa na bodi ya elektroniki iliyo juu ya mota. Ikiwa bodi inasimamia kasi vizuri, basi hata volti 175 za jioni zisingepaswa kupunguza mizunguko. Kesho saa moja jioni tutapima tuone.